Namba Isiyo na Kipimo: Mwalimu na Karatasi ya Skani Yake

Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono na kuelekezwa kwa daktari wa kliniki ya saratani anakotibiwa mwandishi wake. Ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari Mombasa, naye amekubali niinukuu mradi nisimtaje jina. Baada ya salamu anaingia moja kwa moja kwenye haja yake: "Daktari, nimepewa karatasi ya skani ya mwili mzima na miadi ya wiki mbili mbele. Nimefundisha hesabu miaka mingi, namba hazinitishi. Lakini hizi zimeandikwa bila kipimo. Si sentimita, si gramu, si asilimia. Naomba nielezwe kwa lugha ya kawaida, 2.3 ni 2.3 ya nini?"

Swali hilo ni zuri kuliko alivyojua, na jibu lake linafafanua karibu kila kitu kilichomo kwenye karatasi.

Anaugua limfoma ya Hodgkin, saratani inayoanzia kwenye tezi za limfu, nayo ilikuwa imefika hatua ya tatu. Kabla ya tiba alipigwa skani ya PET/CT Nairobi. Baada ya mizunguko miwili ya kemo ya ABVD akarudishwa kwenye mashine ileile. Skani ya kwanza ilionyesha uvimbe wa sentimita 4.2 katikati ya kifua, wenye SUVmax 11.7. Ya pili inasema uvimbe huo sasa ni sentimita 1.9, SUVmax 2.3. Chini yake imeandikwa ini 3.0, damu ya kifuani 1.8, uboho wa mifupa 4.1, kisha maneno mawili ambayo hakuna aliyemfafanulia: Deauville 3.

Sentimita hazimsumbui mtu. Zinatoka kwenye CT, ile nusu ya mashine inayopiga picha ya umbo. SUV inatoka kwenye nusu ya PET, ambayo haipimi umbo hata kidogo. Yenyewe hupima ulaji wa sukari.

Mgonjwa hufunga saa sita hivi, kisha huchomwa sindano ya FDG. Hiyo ni glukosi iliyobadilishwa kidogo na kubandikwa atomu ya florini-18 inayotoa mionzi. Chembe hai huipokea kama sukari ya kawaida, lakini ikishaingia ndani hainyambuliki mpaka mwisho, kwa hiyo hunaswa humo. Chembe zenye njaa kubwa ya sukari, zikiwemo za saratani nyingi, hujikusanyia FDG kuliko jirani zake. Kila dakika 110 nguvu ya florini-18 hupungua nusu. Ndiyo maana dawa hii haiwekwi stoo: hutengenezwa kwenye saiklotroni asubuhi na kutumika siku hiyohiyo.

Sasa tufanye hesabu yake mwenyewe, ile ya skani ya kwanza. Alikuwa na kilo 64, akachomwa megabekereli 256. Alilala ametulia saa moja kabla ya kuingia mashineni, na kwa muda huo mionzi ilishapungua hadi megabekereli 175 hivi. Tuseme dawa hiyo ingesambaa mwilini sawasawa, kama sukari iliyokorogwa vizuri kwenye chai, kila gramu ya mwili ingepata kilobekereli 2.7 na ushei. Mashine ilipotazama uvimbe wa kifuani, mahali palipong'aa zaidi ilikuta kilobekereli 32 kwa kila mililita. Gawanya 32 kwa 2.74, unapata 11.7.

Basi SUV ni mara ngapi. Sehemu ile ilikuwa na sukari takriban mara 12 ya ambayo ingepata kama mwili mzima ungegawana sawa. Mara haina kipimo, na mwalimu wa hisabati alikuwa na haki ya kukiulizia. Neno "max" mwishoni lina maana kwamba imechukuliwa nukta moja yenye mwanga mkali kuliko zote ndani ya uvimbe, si wastani wa uvimbe wote.

Ukishaiona hesabu hiyo unaona pia inapoweza kuharibika. Uzito umo ndani yake. Fundi akiandika kilo 74 badala ya 64, uvimbe uleule unasomeka 13.5 bila saratani kuongezeka hata chembe. Muda nao umo. Tezi yenye saratani huendelea kujikusanyia FDG hata baada ya saa ya kwanza, ilhali ini huanza kuiachia, kwa hiyo mgonjwa aliyesubirishwa dakika 90 hatoki na namba sawa na za dakika 60. Sukari ya damu ikiwa juu hushindana na FDG mlangoni mwa chembe, ndiyo sababu mgonjwa hutobolewa kidole kwanza, na kliniki nyingi huahirisha skani ikizidi milimoli 11 kwa lita. Mashine mbili tofauti nazo zinaweza kutoa namba tofauti kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana hakuna jedwali la kusema SUV fulani ni salama na fulani ni saratani. Anayekutafutia jedwali hilo anakupotezea muda.

Wataalamu wa limfoma waliliona tatizo hili, na mwaka 2009 walipokutana Deauville, mji wa pwani ya Ufaransa, wakakubaliana kulikwepa. Badala ya kuuliza namba ya uvimbe ni ngapi, waliamua kuulinganisha na viungo viwili vya mgonjwa huyohuyo, katika skani hiyohiyo: damu iliyomo kwenye mishipa mikubwa ya kifua, na ini. Kosa la uzito likiingia, linapandisha uvimbe na ini kwa pamoja, na mpangilio unabaki palepale.

Madaraja ni matano. La 1 uvimbe hauna mwanga wa kuzidi mazingira yake. La 2 unao, lakini haupiti wa damu. La 3 unapita damu lakini haupiti ini. La 4 unalizidi ini kiasi, na la 5 unalizidi sana au pametokea sehemu mpya za ugonjwa. Chukua sasa namba za mwalimu: damu 1.8, uvimbe 2.3, ini 3.0. Uvimbe umekaa katikati ya damu na ini, na hiyo ndiyo Deauville 3.

Lakini ini lenyewe lilikuwa limemtia hofu. Anaandika: "Skani ya kwanza ini lilikuwa 2.4, sasa ni 3.0. Je, ugonjwa umehamia huko?" Hapana. Ini lenye afya mara nyingi huwa kati ya 2 na 3 na hupanda na kushuka kidogo kila skani. Saratani ikiingia kwenye ini, kwa kawaida huonekana kama madoa yanayong'aa kuliko ini linaloyazunguka. Ripoti yake inasema ini lina mwanga ulio sawa kote.

Kuhusu uboho ndiko barua inakotetemeka. "Uboho 4.1 ni zaidi ya ini. Kwa kanuni yenu mimi ni daraja la 4, na mifupa imeshaingiliwa." Hoja imepangwa kihesabu kabisa, ila kuna jambo hakuliweka kwenye mlinganyo. Baada ya kemo ya pili chembe zake nyeupe za damu zilishuka mno, akachomwa sindano tano za filgrastimu tumboni, ya mwisho siku tisa kabla ya skani. Kazi ya filgrastimu ni kuuamsha uboho uzalishe chembe nyeupe kwa kasi, na kiwanda kinachofanya kazi kwa kasi kinakula sukari. Daktari wa picha hutofautisha hali hizi mbili kwa kutazama mtawanyiko. Uboho ulioamshwa na dawa hung'aa sawasawa pingili baada ya pingili, kuanzia shingo hadi nyonga, na mara nyingi wengu huungana nao. Uliovamiwa huonyesha madoa, pingili hii inawaka na ile imelala. Wa mwalimu uling'aa kote sawia, na skani ya kwanza haikuonyesha kitu mfupani. Inashauriwa zipite angalau wiki mbili tangu sindano ya mwisho ya aina hiyo kabla ya skani, lakini ratiba ya kemo haikubali kila mara.

Limebaki swali la sentimita 1.9. Kama dawa imefanya kazi, mbona uvimbe bado upo? Katika limfoma ya Hodgkin chembe zenye saratani zenyewe ni asilimia chache tu ya uvimbe, na zilizobaki ni chembe za kinga zilizovutwa hapo pamoja na nyuzinyuzi za kovu. Saratani ikifa, kovu halina pa kwenda. CT huona nyama na haijui kama iko hai, ila PET ikiikuta haili sukari huelekea kuwa kovu.

Hapa kwetu ni lazima nitaje kifua kikuu. Tezi yenye kifua kikuu hujaa chembe za kinga zenye ulafi wa sukari, na SUV yake inaweza kupita 10 bila saratani yoyote. PET haikumwambia mwalimu kwamba ana limfoma. Kilichosema ni kipande cha tezi kilichokatwa shingoni na kutazamwa kwa hadubini, zikaonekana chembe za Reed-Sternberg.

Daraja la 3 lina uzito gani basi? Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa RATHL uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200 wa limfoma ya Hodgkin iliyosambaa. Walio wengi walipigwa PET baada ya mizunguko miwili ya ABVD, kama yeye. Waliopata daraja la 1 hadi 3 waligawanywa: wengine wakaendelea na dawa zote nne, wengine wakaondolewa bleomisini, dawa inayoweza kuharibu mapafu. Baada ya miaka mitatu, takriban 85 kati ya kila 100 katika makundi yote mawili walikuwa hai bila ugonjwa kuendelea wala kurudi, na walioachishwa bleomisini walipata madhara machache ya mapafu. Waliobaki, kama 15 kati ya 100, hawakuwa na bahati hiyo, kwa hiyo skani safi si cheti cha kupona.

Kliniki ilimjibu kwa simu: mizunguko minne iliyobaki itaendelea bila bleomisini.

Nawe ukiwa na skani ya pili mbele yako, beba CD ya ile ya kwanza, si karatasi peke yake. Omba upigwe kwenye mashine ileile, hakikisha umepimwa uzito asubuhi hiyo, na mtaje daktari wa picha kila sindano uliyochomwa mwezi huo.