Barua kwa mwenye nyumba, mpangaji akiwa wodini

Mpangaji anayeishi peke yake akilazwa ghafla, ndugu zake hukabiliwa na mambo mawili kwa mpigo: kodi inayokaribia kwisha na chumba kilichofungwa. Wengi huyaunganisha katika ujumbe mmoja kwa mwenye nyumba: kodi tutalipa, tunaomba utufungulie. Linasikika kama ombi moja. Kisheria ni mambo mawili yenye misingi tofauti, na mwenye nyumba makini akiyapokea yakiwa yamechanganywa, husita kuyakubali yote mawili.

Tuchukue mfano wa Dar es Salaam. Kijana amepanga chumba na sebule huko Tabata kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, na amelipa miezi sita inayoishia tarehe 30 Juni. Tarehe 12 Juni anapata ajali ya bodaboda, anavunjika mfupa wa paja na kulazwa akisubiri upasuaji. Fahamu anazo, ila simu imepasuka na ufunguo umepotea palepale barabarani. Kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima viko chumbani, kwenye droo. Anayemwandikia mwenye nyumba ni dada yake, anayeishi Morogoro na ambaye mwenye nyumba hajawahi kumwona.

Upande wa kodi ni mwepesi. Deni ni la mpangaji, lakini fedha zinaweza kutoka kwa mtu mwingine anayemlipia, na mwenye nyumba hapungukiwi kitu kwa kuzipokea. Shilingi hazina ukoo. Ugumu uko kwenye kumbukumbu. Dada akituma fedha kwa simu, ujumbe wa muamala unabeba jina lake yeye. Miezi michache baadaye, ukitokea ubishi, ujumbe ule hausemi kama zilikuwa kodi ya kaka, mkopo, au malipo ya mpangaji mpya aliyeanza kukaa kimyakimya. Kwa hiyo barua itaje chumba, jina la mpangaji, miezi inayolipiwa na kiasi, kisha iombe risiti iandikwe kwa jina la mpangaji, ikionyesha kwamba fedha zimeletwa na dada.

Hatari ya pili ni ukarimu wa maneno. Katika taharuki ya siku za kwanza ndugu huandika kwamba mwenye nyumba asiwe na wasiwasi, kodi yote wataibeba wao. Sentensi hiyo inaweza kusomwa kama ahadi ya mdhamini, yaani mtu anayejifunga kulipa deni la mwingine asipolipa mwenyewe. Dada hakukusudia hivyo, lakini barua husomwa kwa kilichoandikwa, hasa na mtu anayedai. Aahidi kiasi alichonacho tu. Kama ana uwezo wa miezi mitatu, yaani shilingi 450,000, aseme mitatu, na aombe kwamba utaratibu wa miezi sita usubiri hadi mpangaji atakapoweza kuzungumza mwenyewe. Mwenye nyumba akipokea fedha hizo baada ya muda wa mkataba kwisha, kwa kawaida inachukuliwa kwamba ameridhia upangaji uendelee, na ndiyo sababu inafaa ridhaa hiyo ionekane kwenye karatasi.

Mlango una hesabu nyingine kabisa. Chumba kikishapangishwa, haki ya kukaa na kuamua nani aingie ni ya mpangaji kwa muda wote wa mkataba. Mwenye nyumba anaweza kuwa na ufunguo wa akiba, lakini ufunguo si ruhusa. Akimfungulia dada kwa huruma na baadaye kaka aseme laptopu haipo, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Wala hana namna ya kujua kwamba aliyeandika ni dada kweli. Ukoo huongezeka haraka pale penye televisheni na friji. Kusita kwake, ambako ndugu hukuita roho mbaya, ndiko kunakolinda mali ya mgonjwa.

Kwa kuwa kaka ana fahamu, kinachohitajika ni ridhaa yake. Karatasi fupi yatosha: jina lake, jina la dada, kazi anayomruhusu kufanya, tarehe, na sahihi au alama ya dole gumba, huku mtu asiye ndugu akishuhudia. Hati ya uwakilishi, ambayo kwayo mtu humpa mwenzake mamlaka ya kutenda kwa niaba yake na kuithibitisha mbele ya wakili, ina nguvu zaidi na inafaa pale dada atakapohitaji kuingia benki. Kwa kutoa kadi ya bima kwenye droo, ni kununua trekta kwa ajili ya bustani ya mchicha. Karatasi hiyo ikipatikana, barua inaweza kuwa hivi:

«Shikamoo mama. Mimi ni dada wa Fulani, mpangaji wako wa chumba na sebule upande wa uani. Alipata ajali tarehe 12 Juni na amelazwa. Nimeambatanisha karatasi aliyoisaini pamoja na nakala ya kitambulisho changu. Kuhusu kodi: naomba kumlipia Julai, Agosti na Septemba, jumla shilingi 450,000, kwa niaba yake, na risiti iandikwe kwa jina lake, ikionyesha kwamba fedha nimezileta mimi. Kuhusu chumba: ameniruhusu kuingia mara moja, Jumamosi saa nne asubuhi, kuchukua kitambulisho, kadi ya bima na nguo, na kutoa chakula kilichomo kwenye friji. Naomba wewe au mtu wako awepo. Kufuli litabaki lilelile.»

Barua haielezi mfupa wala upasuaji. Mwenye nyumba anahitaji kujua kwamba mpangaji hayupo na kwa nini. Picha ya eksirei haiongezi chochote isipokuwa mazungumzo uani. Friji imetajwa kwa sababu umeme wa LUKU ukiisha, na mwenye zamu ya kuchangia yuko wodini, harufu itawafikia wapangaji wenzake kabla ya barua.

Mambo hubadilika mpangaji akiwa hana fahamu. Hapo hakuna sahihi, na hati ya uwakilishi haiwezi kutengenezwa kwa mtu asiyeweza kuelewa anachokitia saini. Hata ile aliyoitoa zamani, kwa kanuni ya kawaida, hupoteza nguvu mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua, yaani wakati uleule ndugu wanapoihitaji. Kodi bado inaweza kulipwa, lakini kwa mlango hakuna aliyeruhusu, na barua isijifanye kwamba yupo. Inaweza kuomba jambo dogo linalokaguliwa: mwenye nyumba afungue, mjumbe au mwenyekiti wa mtaa awepo, chumba kipigwe picha kabla na baada, na kila kitu kinachotoka kiandikwe kwenye orodha inayosainiwa na wote watatu. Utaratibu huo haumpi dada haki aliyokosa. Unafanya kitendo chake kiweze kuelezwa baadaye kwa mgonjwa akizinduka, au kwa msimamizi wa mirathi asipozinduka. Kitanda, godoro na friji vibaki, hata kama kuna binamu mwenye gari dogo la mizigo.

Mfupa wa paja unaweza kuchukua miezi kadhaa kabla haujabeba uzito, na ndugu wakianza kuhesabu 150,000 za kila mwezi, wazo la kurudisha chumba huja lenyewe. Ruhusa ya kuingia haifiki huko. Kuvunja mkataba ni uamuzi wa mpangaji, na unahitaji karatasi nyingine yenye sahihi yake, ikitaja tarehe ya kuondoka na mahali vitu vyake vitakapopelekwa.