Fahamu: Nyongeza inavyoongeza mzigo wa kodi

Tuseme mfanyakazi wa Kiwanjani, Isiolo, ana mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 30,000 kwa mwezi. Baada ya nafuu ya 2,400, analipa kodi 1,500 na kubaki na 28,500. Bei zikipanda asilimia 10, naye aongezwe asilimia 10, atapata 33,000.

Ila 24,000 za kwanza bado zinatozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na sasa amegusa ngazi ya asilimia 30. Kodi inafika takriban 2,283, karibu asilimia 7 ya mshahara badala ya 5. Anabaki na 30,717, ilhali maisha yaleyale yanahitaji 31,350.

Bunge halikupandisha kiwango chochote. Ngazi hizo zilianza Januari 2021, na nafuu ya 2,400 Aprili 2020, nazo hazifuati bei, jambo ninaloona si haki.