Kwa Nini Tromboni Hukaa Nyuma

Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyopigwa kwa mara ya kwanza mjini Vienna tarehe 22 Desemba 1808, ina wapiga tromboni watatu ambao hawapulizi hata sauti moja katika sehemu tatu za mwanzo. Huingia sehemu ya nne tu, tena wakiwa wameketi nyuma kabisa. Ukijua sababu, umeelewa mpangilio wa jukwaa zima.

Okestra hupangwa kwa nguvu ya sauti. Fidla, ala inayofahamika vizuri na wapenzi wa taarab, ni dhaifu ikiwa peke yake. Kwa hiyo fidla huwa nyingi, pengine hata 30, na hukaa mbele. Ukitazama kutoka ukumbini, kwa kawaida fidla za kwanza ziko kushoto, za pili zikifuata, kisha viola, na chelo upande wa kulia, besi zikiwa nyuma yake. Fidla hubeba wimbo, viola hujaza katikati, chelo na besi hushikilia msingi.

Nyuma ya nyuzi, katikati, huketi filimbi, obo, klarineti na basuni. Kila mmoja hapa ana noti zake mwenyewe, hivyo akikosea husikika. Kazi yao ni kubadili rangi ya sauti: katika sehemu ya kwanza ya simfoni hii, okestra yote hunyamaza ghafla na obo moja ikalia peke yake.

Ala za shaba hufuata. Tarumbeta na tromboni huelekeza midomo yake moja kwa moja kwa wasikilizaji, na zikisogezwa mbele zitazimeza fidla. Ngoma za timpani hukaa nyuma pia. Mwishoni mwa sehemu ya tatu hugonga taratibu chini ya nyuzi, sauti ikapanda, kisha tromboni zikaingia kwa kishindo. Kwa kuwa sikio halijazisikia kabla, ukumbi huonekana kama umepanuka.

Mpangilio huu si sheria. Zamani ilikuwa kawaida fidla za pili kukaa kulia, zikizikabili za kwanza, na baadhi ya viongozi wa okestra bado hupenda hivyo. Katika Simfoni ya Tano faida yake husikika mapema: baada ya mapigo ya kufungulia, noti nne maarufu huanzwa na fidla za pili, zikapokewa na viola, kisha na fidla za kwanza. Sauti husafiri kutoka kulia hadi kushoto. Hasara yake ni kwamba uso wa fidla zilizo kulia huelekea nyuma ya jukwaa, hivyo sauti yake hupungua. Kiongozi huchagua kati ya mazungumzo yaliyo wazi na fidla zenye nguvu zaidi.