Geti la Kusukuma: Pima Bomba, Kisha Lipandishe Mizani

Muuzaji wa vyuma akikuambia bomba lina mita 6, toa tepu. Baadhi ya mabomba ya mraba yanayouzwa madukani yana mita 5.8, urefu unaoingia vizuri kwenye kontena la futi 20. Sentimita 20 hizo huzioni mpaka fundi aanze kukata.

Tuseme unataka geti la kusukuma lenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 2. Fremu yake ni bomba la milimita 50 kwa 50: vipande viwili vya kulala, juu na chini, na vitano vya kusimama. Ukiondoa unene wa vile vya kulala, kila cha kusimama kina mita 1.9. Bomba la mita 6 kamili linatoa kipande cha mita 4 na kimoja cha kusimama, hata jiwe la kukatia likila milimita zake chache. Mabomba mawili ya namna hiyo, na la tatu la kukata vitatu vilivyobaki, fremu imekamilika.

Kwa mabomba ya mita 5.8 hesabu inagoma. Ukitoa mita 4 inabaki 1.8, haitoshi. Itakubidi ununue bomba la nne, au ukubali geti la kimo cha mita 1.88. Mimi ningepunguza kimo. Mpita njia hataona tofauti.

Uzito nao unafichua kitu ambacho jicho halikioni: unene wa chuma. Bomba hilo likiwa na unene wa milimita 1.5, urefu wa mita 6 una kilo 13 na nusu hivi. Likiwa la milimita 1.2, lina kilo 11 tu. Kwa nje yanafanana kabisa, na rangi ikishapakwa ndiyo basi. Kwa hiyo omba mizani kabla ya kulipa.

Flati baa ni rahisi zaidi. Zidisha upana kwa unene, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.00785, unapata kilo kwa kila mita. Ya 25 kwa 3 inatoa kilo 0.59. Geti letu likijazwa flati baa 32 za kusimama, mapengo yanakuwa ya sentimita 8 hivi, na utahitaji flati baa 11 za mita 6. Uzito wake ni kilo 36. Ongeza fremu ya kilo 40, jumla ni 76.

Ukipenda kuziba geti lote kwa shiti ya milimita 1.2, shiti peke yake ina kilo 75, na geti linafika kilo 115 kabla ya kufuli na rangi. Basi usinunue magurudumu wala mota kabla ya kumpa muuzaji jumla hiyo.