Saa ya Tiketi, Saa ya Ukutani

Tuseme tiketi ya Dar es Salaam kwenda Maskati inaonyesha kuondoka 00:40, tarehe 15 Juni, na kufika 07:10. Abiria akitoa haraka, anapata saa sita na nusu angani. Sivyo. Tiketi huandika kuondoka kwa saa za Dar na kufika kwa saa za Maskati, na Omani iko mbele kwa saa moja. 07:10 ya Maskati ni 06:10 ya Dar, yaani saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Safari ni saa tano na nusu.

Kinachowaponza wengi hasa ni ile 00:40. Ni saa sita na dakika arobaini usiku, na tarehe imeshageuka: anayengoja usiku wa tarehe 15 ndipo aende uwanjani, ndege yake ilishaondoka usiku uliotangulia.

Tanzania na Omani hazibadilishi saa zao. Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo London huwa nyuma ya Dar kwa saa mbili kiangazi, na tatu wakati wa baridi.