Sabuni Inatoka, Faida Haionekani

Msambazaji akipandisha bei hapigi mbiu. Gari linakuja siku yake ya kawaida, katoni zinashushwa, mtu wa stoo anahesabu na kusaini, ankara inaingia kwenye faili. Ankara hiyo ina bei mpya, lakini aliyeipokea kazi yake ni kuhesabu katoni, na anayepanga bei za rafu hakuwepo. Wateja wanaendelea kununua kwa bei ya zamani, na kwa kuwa mauzo hayajashuka, hakuna anayehisi kuwa kuna lililobadilika.

Tuseme ni duka la jumla na rejareja Mbagala, Dar es Salaam, linalouza sabuni ya unga ya kilo 1 kwa shilingi 5,900. Duka limesajiliwa kwa VAT ya asilimia 18, kwa hiyo katika fedha hiyo 900 ni ya Serikali na 5,000 ndiyo ya duka. Katoni ya pakiti 12 inanunuliwa kwa 51,000 kabla ya VAT, yaani 4,250 kwa pakiti. Zinabaki 750. Ukizigawa kwa 5,000 unapata asilimia 15, na hiyo ndiyo faida ghafi: kinachobaki katika mauzo baada ya kutoa gharama ya bidhaa yenyewe, kabla ya kodi ya pango, mishahara na umeme.

Mwenye duka hili amejiwekea kwamba sabuni isishuke chini ya asilimia 12. Namba hiyo hakuiokota. Kwa mwezi duka linauza kama milioni 40 bila VAT, na pango, mishahara, umeme na ulinzi vinakula milioni 3.6, sawa na asilimia 9 ya mauzo. Bidhaa inayoacha asilimia 12 inalipia sehemu yake ya gharama hizo na kubakiza tatu. Ikishuka chini ya tisa, duka linachuuza bidhaa hiyo kwa hasara, hata kama kila pakiti inauzwa ghali kuliko ilivyonunuliwa.

Sasa katoni inapanda hadi 53,400. Nyongeza ya 2,400 kwa katoni haimtishi mtu. Kwa pakiti moja ni 200 tu, gharama inakuwa 4,450, zinabaki 550, na faida ghafi inakuwa asilimia 11. Duka likiuza pakiti 50 kwa siku, 10,000 imeondoka kila siku kwa bidhaa moja, na kwa siku 26 za kazi ni 260,000. Hapo ndipo onyo linapohitajika: hesabu inayofanyika yenyewe kila ankara inapoingizwa kwenye kompyuta, na kupiga kelele mara faida inapovuka kiwango cha chini kuelekea chini.

Hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja. Kwenye jedwali la kompyuta, weka bei ya rafu katika safu ya B, bei ya kununulia bila VAT katika C, na kiwango cha chini katika D:

```
=IF((B2/1.18-C2)/(B2/1.18)<D2,"CHINI","SAWA")
```

Ugumu hauko kwenye fomula. Uko kwenye namba unayoiweka pale C, na hapo ndipo maonyo mengi yanakuwa bubu. Programu nyingi za maduka hutunza gharama ya bidhaa kwa wastani. Mzigo mpya ulipofika, stoo ilikuwa bado na pakiti 60 za 4,250, na zimeingia 60 za 4,450. Programu inachanganya na kusema gharama ni 4,350. Ukiipima hiyo, faida ni asilimia 13, na onyo linanyamaza. Wastani huo haujakosea kwa hesabu za mwisho wa mwaka, lakini kwa kupanga bei unachelewesha habari hadi mzigo wa zamani uishe, na duka lenye stoo kubwa ndilo linalochelewa zaidi. Onyo lisome bei ya ununuzi wa mwisho. Pakiti uliyoiuza leo utairudishia rafuni kwa 4,450, si kwa wastani.

Kosa la pili ni kuchanganya bei yenye VAT na bei isiyo nayo. Mtu anachukua 5,900 ya rafuni, anatoa 4,450 ya ankara, anaona 1,450 na kufurahia karibu asilimia 25. Sehemu kubwa ya furaha hiyo ni fedha ya TRA. Duka ambalo halijasajiliwa kwa VAT lina hesabu tofauti: halirudishiwi kodi iliyo kwenye ankara, kwa hiyo kwake gharama ni fedha yote iliyolipwa, na mgawanyo wa 1.18 unaondoka kwenye fomula.

Halafu kuna upandaji ambao hata bei ya katoni hauigusi. Msambazaji alikuwa na ofa ya kununua katoni kumi na kupewa moja juu, kisha akaiondoa kimyakimya. Ankara bado inasoma 51,000, ila fedha iliyokuwa inaleta katoni 11 sasa inaleta kumi, na gharama ya kila pakiti imepanda kwa asilimia 10 kamili. Onyo linalosoma bei iliyoandikwa kwa katoni halitaliona hilo kamwe. Dawa ni kugawa jumla ya fedha iliyolipwa kwa idadi ya pakiti zilizoshushwa, na kama nauli ya kirikuu inalipwa na duka, nayo iingie humo.

Onyo likilia, swali linalofuata ni bei mpya iwe ipi, na hapa wafanyabiashara wazoefu kabisa huteleza. Wengi wataizidisha 4,450 kwa 1.12, wapate 4,984, waongeze VAT, iwe 5,881. Kumbe 5,900 ya sasa inatosha! Haitoshi. Hiyo ni asilimia 12 ya gharama, wakati kiwango kiliwekwa kwa mauzo. Njia sahihi ni kugawa gharama kwa 0.88: inatoka 5,057, na ukiweka VAT, 5,967. Rafuni iandikwe 6,000, na faida inarudi asilimia 12 na nusu hivi.

Si lazima bei ipande. Pengine duka la jirani linauza 5,900 na wateja watahamia huko, hivyo ni afadhali kumbana msambazaji, au kuvumilia kwa wiki mbili huku ukitafuta mwingine. Uamuzi huo ni wa mtu, na uandikwe pamoja na tarehe ya kuuangalia tena, la sivyo wiki mbili zinakuwa mwaka.

Kiwango kimoja kwa duka zima nacho kinaharibu. Sukari na unga huuzwa kwa faida nyembamba makusudi, ili kumleta mteja. Ukivipima kwa asilimia 12 vitalia kila asubuhi, na baada ya mwezi hakuna atakayesoma onyo lolote, hata la sabuni. Kila kundi la bidhaa lipewe kiwango chake. Na onyo likionyesha hasara ya kutisha, kwanza angalia kama karani hakuingiza bei ya katoni mahali pa bei ya pakiti.

Kama duka lako halina programu, anza na bidhaa 20 zinazotoka sana. Toa ankara ya mwisho ya kila moja, ligawe lipo la fedha kwa idadi ya pakiti ulizopokea, kisha jaza ile safu ya C kabla mzigo unaofuata haujashushwa.