Oda Ndogo, Oda Kubwa: Nani Apite Rafu Zipi?

Katika ghala linalotegemea mikono na toroli, mkusanyaji wa bidhaa hutumia sehemu kubwa ya muda wake akitembea. Namna ya kumpunguzia mwendo hutegemea sura ya oda zenyewe.

Tuseme ghala la vipodozi la Dar es Salaam limeamka na oda 120 za wateja wa mtandaoni, kila moja ina aina moja au mbili za bidhaa. Zikikusanywa moja moja, kwa mzunguko wa mita 200 kila oda, jumla ni kilomita 24. Msimamizi akiunganisha oda 12 kwa mkupuo mmoja, inabaki mizunguko 10. Hata kila mzunguko ukirefuka hadi mita 400, mwendo wote ni kilomita 4. Toroli hubeba maboksi 12 yenye namba, na kila bidhaa hutumbukizwa kwenye boksi lake palepale rafuni. Mkono ukikosea boksi, malalamiko huja mawili mawili: mteja mmoja kapata mafuta asiyoyaagiza, mwenzake kayakosa.

Ghala hilohilo huuzia pia maduka 20, na kila duka huagiza aina 60. Hapa mkupuo hausaidii sana, kwani oda moja tu hujaza toroli na kumzungusha mtu ghala zima. Afadhali kugawa ghala kwa kanda: mmoja abaki kwenye sabuni, mwingine kwenye losheni, na boksi lipite mikononi mwao kwa zamu. Ila kanda zisigawanywe kwa idadi ya rafu, bali kwa mara ngapi bidhaa zake huchukuliwa. Ukiona maboksi yamepanga foleni kwenye losheni huku mtu wa sabuni amekaa, mgawanyo umekosewa.

Mawimbi hujibu swali jingine: oda zianze kukusanywa saa ngapi? Lori la Dodoma likiondoka saa 10 jioni, oda zake zote hutolewa kwa pamoja, tuseme saa 7 mchana, na ndani ya wimbi hilo watu hufanya kazi kwa mkupuo au kwa kanda. Gharama yake ni kwamba waliomaliza mapema huwangoja wenzao, na oda ya haraka inayoingia saa 8 husubiri wimbi lijalo. Pale ambapo bodaboda hubeba mizigo kutwa nzima, mawimbi hayana faida kubwa.

Kabla ya kuchagua, chukua oda za mwezi mmoja, uzipange kwa idadi ya aina na kwa saa ya kuondoka. Usitegemee wastani. Katika mfano wetu, wastani ni karibu aina 10 kwa oda, na hakuna mteja hata mmoja aliyeagiza hivyo. Atakayepanga kazi kwa wastani huo atawachosha wa mtandaoni na wa maduka kwa pamoja.